Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupoza ukumbi mkubwa Malindi, feni kubwa za dari au viyoyozi vya dakti?

Haya ndo maswali yanayorudi kila kaskazi ikianza kuchoma, kutoka kwa kamati za misikiti, wazee wa kanisa na wenye kumbi za harusi, Malindi mjini, Mambrui, Watamu na ndugu zetu wa Lamu. Nimeyapanga kutoka yale ya mwanzo mpaka yale magumu. Pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimeandika namba ya swali hilo, usiruke tu.

## Ya mwanzo

1. Hizi feni kubwa ni zipi hasa, si feni ni feni tu?

Hapana, kuna tofauti kubwa. Feni ya dari tuliyozoea nyumbani ni ya inchi 56, yaani kama mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, inazunguka mbio na upepo wake unaishia hapo chini yake tu. Feni kubwa tunazozungumzia, zile ambazo kwenye katalogi utaona zimeandikwa herufi HVLS, zina upana wa mita 3 mpaka 7 na zinazunguka polepole, ile ya mita 6 kama mizunguko 70 hivi kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote.

Kazi yake ni kusukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo. Hewa inashuka kama nguzo moja nene mpaka sakafuni, ikifika chini haina pa kwenda kwa hivo inatambaa pande zote juu ya sakafu mpaka ifike ukutani ndo ipande tena. Hii sehemu ya kutambaa ndo muhimu sana kwetu, manake waumini wanaokaa kwenye zulia wako ndani kabisa ya ule upepo. Feni 20 ndogo hazikupi kitu hicho, zinakupa vishimo 20 vya upepo na katikati fukuto.

2. Na viyoyozi vya dakti ni vipi?

Hapo mashine yenye kompresa inakaa nje au juu ya paa, hewa baridi inapitishwa kwenye dakti za bati zilizofunikwa kwa sufi ya kuzuia joto, halafu inamwagwa ukumbini kupitia matundu ya dari au ya ukutani. Kuna dakti nyingine ya kurudisha hewa kwenye mashine. Ikifanywa vizuri haina kelele na ukumbi wote unakuwa sawa. Ikifanywa vibaya, watu wa safu ya mbele wanavaa masweta na wa nyuma wanajipepea kwa karatasi ya matangazo.

3. Feni inapunguza joto la hewa?

Haipunguzi hata kidogo. Tundika themometa ukutani, washa feni saa nzima, itasoma vilevile. Kinachobadilika ni mwili wako: upepo ukipita kwenye ngozi jasho linakauka na joto linaondoka nalo. Upepo wa mita 0.8 kwa sekunde, ambao hata karatasi nyepesi mezani hauisumbui sana, unamfanya mtu aliyekaa ahisi kama hewa imeshuka nyuzi 3 hivi.

Mipaka yake ni miwili. Kwanza, ngozi ya mtu iko kama nyuzi 34 au 35, hewa ikiwa na joto hilo au zaidi basi feni inakuwa inakupulizia joto. Huku pwani kivulini hatufiki huko kwa kawaida, mchana wa Machi ni nyuzi 31 au 32, shida yetu sisi ni unyevu. Pili, unyevu ukiwa mwingi sana jasho linakauka kwa shida, ndo maana ile siku ya fukuto kabla ya masika hata feni nzuri inakuacha na shati limelowa kidogo mgongoni. Utavumilika, lakini baridi ya kiyoyozi usiitarajie.

4. Nipe jibu moja basi, kipi bora?

Jibu linategemea kitu kimoja kabla ya pesa: ukumbi wako unafungika? Kama una madirisha ya matundu ya zege yasiyofungwa, milango mitatu inayokaa wazi na watu wakiingia na kutoka ibada nzima, basi dakti hapo ni kutupa pesa baharini, weka feni kubwa na uhangaike na paa (swali la 9). Kama ukumbi umezibwa vizuri, una dari yenye insulesheni, unakodishwa kwa mikutano na harusi na wateja wanalipia baridi, dakti inaeleweka.

Kwa misikiti na makanisa mengi ya kwetu mimi nasema feni bila kusita, na sababu kubwa ni jinsi ibada zenyewe zilivyo. Swala ya jamaa ni robo saa. Kiyoyozi cha ukumbi mkubwa kinataka saa nzima kabla watu hawajaingia ndo kuta na zulia zipoe. Kwa hivo unachoma stima saa nzima kwa ajili ya dakika 15, halafu mara tano kwa siku. Feni unaiwasha mwadhini akikimu, na watu wanaisikia hapohapo.

## Hesabu

5. Ukumbi wa watu 400 unataka kiyoyozi cha ukubwa gani?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua ukumbi wa mita 24 kwa 15, kenchi ziko mita 6.5 kutoka sakafuni, paa la mabati lenye dari, watu 400 wamekaa. Nje ni nyuzi 31 na unyevu asilimia 75, ndani tunataka nyuzi 25 na unyevu asilimia 55.

Mtu mmoja aliyekaa anatoa joto la wati 120 hivi, ukijumlisha na lile la jasho na pumzi. Mara 400 ni kilowati 48. Ndo kusema watu peke yao ni kama majiko 48 ya stima ya kilowati moja yamewashwa humo ndani.

Halafu kuna hewa safi. Huwezi kufungia watu 400 ndani bila kuingiza hewa ya nje, na kiasi cha chini kabisa ni kama lita 3 kwa sekunde kwa kila mtu. Jumla lita 1,200 kila sekunde. Hewa hiyo ya Malindi imejaa mvuke, na mashine lazima ikamue yale maji kabla haijaipoza vizuri, kazi hio peke yake inakula kama kilowati 45. Karibu sawa na watu wote! Ongeza paa, kuta, taa na vyombo vya sauti, tuseme 17. Jumla kilowati 110 za kupoza, ambazo ni tani 31 za mafundi wa friji, au BTU 375,000 kama unapenda lugha ya dukani. Stima itakayovutwa ni kama kilowati 37 kwa mashine nzuri, bado mota za kusukuma hewa kwenye dakti, kwa hivo piga 40.

6. Mbona fundi wetu alisema tani 18 zinatosha?

Toa ile hewa safi kwenye hesabu ya juu uone, utapata kilowati 65, ambazo ni tani 18 na nusu. Sasa sisemi fundi wako ni mwongo, wengi wamezoea kupima maofisi madogo ambako hewa inaingia yenyewe chini ya mlango, lakini ukumbi wa watu 400 si ofisi.

Utajuaje kama hewa safi haikuwekwa? Siku za mwanzo ukumbi utakuwa baridi na kila mtu atafurahi. Halafu utaona khutba ikifika nusu watu wanasinzia, vichwa vizito, na harufu ya miili inakaa. Hio ni hewa iliyopumuliwa mara nyingi. Watu watafungua milango kujiokoa, fukuto litaingia na mashine ya tani 18 itashindwa, kisha kamati italaumu mashine. Kabla ya kusaini kotesheni uliza swali moja tu: hewa ya nje inaingilia wapi na ni lita ngapi kwa sekunde? Akikuonyesha tundu lenye filta na namba, endelea naye. Akibabaika, tafuta mwingine.

7. Na feni ngapi kwa ukumbi huohuo?

Mbili za mita 6. Vitovu vyake viwe mita 6 kutoka kila ukuta wa mwisho, kwa hivo kati ya feni na feni ni mita 12, yaani upana wa feni mara mbili, ndo kipimo kizuri. Ukizisogeza karibu sana pepo zake zinapigana katikati, ukiziachanisha mno panabaki mahali pa kimya. Ubavuni ncha ya panga itabaki mita 4.5 kutoka ukutani, hakuna shida.

Kwa urefu, mapanga yakae kama mita 1.2 chini ya kenchi ili feni ipate hewa ya kuvuta kutoka juu, ukiibana kwenye dari inazunguka bure. Hapo yatakuwa mita 5.3 kutoka sakafuni. Kiwango cha chini wanachotaka watengenezaji ni kama mita 3 na hio usiichezee, feni inaonekana inakwenda polepole lakini ncha ya panga la mita 6 kwa mizunguko 70 inakata karibu kilomita 80 kwa saa.

8. Bili ya stima itakuwaje?

Feni mbili zikifunguliwa zote ni kama kilowati 2.5 kwa pamoja. Viyoyozi tumesema 40, lakini kompresa hazikai juu muda wote, tuseme wastani 27. Tuchukue ukumbi unaokutana mara tatu kwa wiki, masaa 8 kwa jumla, na yuniti moja tuihesabu shilingi 25 (wewe weka ile iliyo kwenye bili yako).

Feni: masaa 35 kwa mwezi, yuniti kama 88, shilingi 2,200. Dakti: inabidi uwashe saa moja mapema kila mara, kwa hivo masaa 48, yuniti 1,296, shilingi 32,400. Hapo sijatia gharama ya kuleta laini ya fezi tatu kama hamna, wala transfoma ya mtaa kama haibebi, na hayo mawili yamezima miradi kadhaa kabla haijaanza.

Kitu kingine watu hawakijui, feni ikipunguzwa mwendo stima inashuka kwa kishindo. Nusu ya mwendo ni kama sehemu moja ya nane ya stima. Wakati wa kusi, Julai hivi, huna haja ya kuifungua yote.

## Paa, upepo na upande wa kibla

9. Tumefunga feni kubwa lakini adhuhuri inatumwagia joto kutoka juu, tumeibiwa?

Hamjaibiwa, paa ndo tatizo. Mabati yasiyo na kitu chini yake yakipigwa na jua la saa saba yanafika nyuzi 60, huwezi kuyashika. Hewa iliyo chini yake inachemka na kukaa hukohuko juu, sasa feni inaivuta na kuwashushia vichwani. Na hata bila feni, yale mabati yanawapiga kwa mnururisho, lile joto unalolihisi utosini hata kama hewa yenyewe haijawa moto sana, na upepo hauwezi kulizuia.

Namna ya kuthibitisha: simama katikati ya ukumbi saa saba mchana feni ikiwa imezimwa, kofia umeivua. Kama utosi unachoma na miguu haina shida, ni paa. Rudi baada ya isha uwashe feni, utaona upepo uleule sasa ni mtamu.

Dawa ni foili ya alumini inayong'aa ichapwe chini ya mabati, iachiwe nafasi ya hewa ya sentimita kadhaa, na kwenye kilele cha paa kuwe na matundu ya kutolea hewa moto yaliyofunikwa wavu wa kuzuia popo na ndege. Juu ya mabati rangi nyeupe nayo inasaidia sana, ila ioshwe, ikijaa vumbi na ukungu mweusi inarudi kuwa kama haipo. Kama bajeti ni ndogo fanyeni paa kwanza na feni mwaka ujao. Nasema hivi kwa kumaanisha, nimeona kumbi ambazo paa peke yake liliondoa malalamiko nusu.

10. Feni ikiwaka tufunge madirisha?

Fungueni. Feni inakoroga tu hewa iliyomo, haileti mpya. Watu 400 wanamwaga jasho humo ndani na ule mvuke lazima utoke, la sivyo baada ya nusu saa feni inawapepea kwa mvuke wenu wenyewe.

Na hapa pwani yetu tuna bahati moja ambayo wajenzi wengi wa leo wanaipoteza. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa Malindi na Lamu, kwa hivo ukuta wa mihirabu unaangalia kaskazini na kuta za ubavu zinaangalia mashariki na magharibi. Kaskazi na kusi zote mbili kwetu zinatokea upande wa bahari, ile moja kaskazini mashariki na hii nyingine kusini mashariki. Maana yake ubavu wa mashariki ndo mdomo wa kuingizia upepo mwaka mzima, na wa magharibi ndo wa kutolea. Wekeni matundu mengi pande zote mbili, yawe usawa wa mtu aliyekaa, siyo juu tu. Ule ubavu wa magharibi uwe na baraza au kivuli, manake jua la alasiri linaingia moja kwa moja.

Kanisa halifungwi na kibla, kwa hivo kama bado mko kwenye ramani, lazeni jengo ili kuta zile ndefu zipokee bahari.

## Kufunga

11. Itaning'inia kwenye kenchi za mbao?

Feni ya mita 6 ina kilo 80 mpaka 120 hivi, na uzito si shida peke yake, kuna mvuto wa kuzunguka kila inapowashwa na kuzimwa. Kenchi za chuma zilizopimwa na injinia wa majengo ndo mahali pake. Za mbao zinawezekana zikiongezewa boriti ya chuma inayovuka kenchi mbili au tatu, lakini aamue injinia, siyo fundi wa stima. Dari ya jipsamu haibebi chochote, msije mkadanganywa.

Angalieni vitu viwili kabla fundi hajashuka ngazi. Kuna waya nene ya usalama iliyofungwa kwenye chuma kingine mbali na ile boliti kuu, ili boliti ikikatika feni isishuke. Na kuna waya nne za kuikaza pembeni ili isiyumbe. Ikiyumba hata kidogo, zima, boliti zinakazwa upya baada ya mwezi wa kwanza na hapo ndo wengi husahau. Kama mna alamu ya moto, iunganishwe izime feni.

12. Tangu feni ifungwe taa zinapepesa na watu wanaumwa na kichwa, kwa nini?

Taa ziko juu ya mapanga, panga likipita linakata mwanga. Siyo hitilafu ya stima, usibadilishe balbu. Shusha taa ziwe chini ya usawa wa mapanga au zipeleke ukutani, nje ya duara la feni. Kwenye msomo wa Qurani hili linachosha macho vibaya sana, kwa hivo lipangwe mapema.

13. Spika zinavuma feni ikiwaka.

Kuna kile kisanduku cha kubadili mwendo wa mota, kinatoa makelele ya umeme, na waya wake ukipita sambamba na waya wa maikrofoni yanaingia kwenye spika. Jaribu hivi: feni ikiwaka na maikrofoni imechomolewa kwenye mikisa, mvumo ukikoma basi unaingilia kwenye waya wa maikrofoni. Tenganisha njia zao angalau nusu mita, zikivukana zivukane msalaba, waya wa mota uwe ule wenye ganda la chuma na ganda hilo liunganishwe na athi. Kama mvumo ni wa upepo tu, weka sponji kwenye maikrofoni ya mimbari.

## Chumvi na maji

14. Chumvi ya bahari itakula kipi haraka?

Kiyoyozi. Mashine ya nje ina mapezi membamba ya alumini yaliyoshonwa kwenye mabomba ya kopa, chumvi ikishika hapo inageuza mapezi kuwa unga mweupe, ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka. Yakifika hapo joto halitoki tena, kompresa inahema na bili inapanda kabla hujasikia joto lolote ndani. Ukiwa karibu na ufuo omba mapezi yaliyopakwa dawa tangu kiwandani na oshea maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi, si kisima chenye chumvi tafadhali, kuna watu wanafanya hivo.

Feni nayo haijasalimika lakini ina vitu vichache vya kuoza. Mapanga ni alumini, boliti ziwe chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Mota zisizo na giaboksi ni bora kwetu, hakuna oili ya kudondokea zulia.

15. Dakti zetu zinadondosha maji juu ya zulia, gesi imeisha?

Gesi haina uhusiano. Hewa ya Malindi siku ya fukuto inaanza kugeuka maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Dakti ina hewa ya nyuzi 14 ndani, kwa hivo mahali popote sufi ilipochanika au kuungwa vibaya patatoa jasho. Pitisha mkono chini ya dakti ukiwa kwenye ngazi, utapata palipolowa, halafu tafuta pengo kidogo kwa juu yake. Funga kwa tepu ya alumini, siyo seloteepu.

Kama maji yanatoka kwenye mashine yenyewe, bomba la kutolea maji limeziba ute. Na kama hata matundu ya kumwagia hewa yanatoa jasho, milango iko wazi, rudi swali la 4. Zulia lililolowa likaachwa siku mbili linaota kuvu na harufu yake haitoki, kwa hivo usingoje.

## Hali za pekee

16. Kanisani kwetu kuna mabenchi, upepo utatambaa vipi?

Utakwama. Mabenchi yenye migongo iliyozibwa yanakata ule upepo wa sakafuni, safu iliyo chini ya feni itafurahia na ya kumi haitapata kitu. Mkiweza tengenezeni mabenchi ya mbao zenye nafasi, au ongezeni feni moja na zote ziwe ndogo kidogo, tuseme tatu za mita 4.5, ili watu wengi wawe chini ya nguzo yenyewe. Kitambaa cha madhabahu na mishumaa visikae chini ya feni.

Ghorofa ya wanawake au ya kwaya ni hivohivo, chini yake na juu yake upepo haufiki. Hapo funga feni za ukutani za kawaida, na msiwaache akina mama ndo wa mwisho kwenye bajeti, mara nyingi wao ndo wako karibu zaidi na mabati.

17. Msikiti wetu wa Lamu ni wa kale, wa mawe na boriti, tufanyeje?

Feni kubwa sahau. Boriti za mikoko zinafika kama mita 2.8 tu, ndo maana vyumba na nafasi kati ya nguzo ni nyembamba, na dari iko chini. Lakini zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinapoa usiku na kukaa baridi mchana, mlishapewa nusu ya kazi. Feni ndogo za ukutani kwenye kila nafasi kati ya nguzo zinatosha.

Msipige simenti kwenye hizo kuta na msizibe matundu ya zamani. Lamu mjini ni Urithi wa Dunia tangu 2001, kutoboa ukuta au kutundika mashine nje kunataka kuongea na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwanza.

18. Zile mashine za kupoza kwa maji, zenye pedi na tangi, si bei rahisi?

Ni rahisi na kwetu hazifai. Zinafanya kazi kwenye hewa kavu, kule bara kwenye ukame. Hapa hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu asilimia 75 ikipita kwenye pedi itatoka kama nyuzi 28 lakini imeshiba maji, na jasho lako halitakauka tena. Utasikia raha dakika 10 ukisimama mbele yake, kisha fukuto maradufu.

19. Je tukifunga spliti za ukutani kama kumi badala ya dakti?

Joto la kuondoa ni lilelile la swali la 5, na hewa safi haziingizi kabisa. Juu ya hapo upepo wake unachoka kabla haujafika mbali na ukuta, kwa hivo katikati ya ukumbi wa upana wa mita 15 patabaki fukuto. Zifungeni kwenye vyumba vidogo vinavyofungika: maktaba, chumba cha wagonjwa na wazee, ofisi.

20. Tukiweka vyote viwili?

Kwa ukumbi wa kukodisha ndo mpango mzuri zaidi. Feni ikisukuma upepo taratibu, weka themostati nyuzi 27 badala ya 24 na watu watahisi vilevile, mashine inakuwa ndogo na kompresa zinapumzika. Feni ziende mwendo mdogo tu, zisije zikapuliza hewa baridi nje milango ikifunguliwa. Siku ambazo hakuna harusi, zima viyoyozi, fungua madirisha ya mashariki, feni ziendelee.

21. Stima ikikatika katikati ya tarawehe?

Feni mbili zenye kilowati 2.5 kwa pamoja zinabebwa na inveta ya sola yenye betri ya wastani, na zinaanza kuzunguka polepole kwa hivo hazipigi inveta kishindo. Kwa tarawehe za masaa mawili zikienda robo tatu ya mwendo, mnahitaji kama yuniti 2 na ushei tu kutoka kwenye betri. Viyoyozi vya swali la 5 vinataka jenereta ya KVA 60 kwenda juu, dizeli yake na mahali pa kuiweka ambapo kelele hazitamfunika imamu.